Nyanya Ilala: mzigo umeongezeka, lori zimeongezeka, bei nayo imepaa. Inawezekanaje?

Mgeni_Sokoni

Wakuu, habari za mfungo. Naomba wanaolijua soko la nyanya wanieleweshe jambo moja.

Sote tumezoea kwamba bidhaa ikijaa sokoni bei inashuka, na ikiadimika bei inapanda. Sasa tangu Ramadhani ianze, lori za nyanya zinazoshusha alfajiri pale soko la Ilala, Dar, ni nyingi kuliko zilizokuwa zikija kabla ya mfungo. Wabeba mizigo wenyewe wanasema hivyo, na kwa macho inaonekana. Lakini tenga limepanda bei, na gengeni fungu limekuwa dogo. Mzigo mkubwa na bei kubwa kwa wakati mmoja. Ni nini hasa kinachoendelea?

---

Sauti_ya_Mlaji

Hakuna la kushangaza hapo, ni madalali. Wanajua mwezi huu watu lazima wanunue, basi wanapanga bei watakavyo. Mkulima wa Ilula kule Iringa hapati hata robo ya hiyo nyongeza. Mzigo upo, tatizo ni waliokaa katikati.

---

Tenga40

Mgeni_Sokoni, umeona sawasawa, na nafurahi umeanza kwa kuangalia lori badala ya kuanza na lawama. Mzigo kuwa mkubwa kuliko jana hakutoshi kushusha bei. Lazima uulize: mkubwa kulinganisha na wanaoutaka wangapi? Kama mzigo umekua kidogo na wanunuzi wamekua zaidi, bei itapanda hata soko likiwa jekundu mlango hadi mlango.

Nikupe mfano wa tarakimu. Ni za kupigia hesabu tu, nimezichagua nyepesi ili ufuatilie kirahisi.

Chukua siku ya kawaida. Tenga likiwa shilingi 30,000, wanunuzi wote wa soko kwa pamoja wanataka matenga 1,000. Likipanda hadi 40,000 wengine wanapunguza, yanatakiwa 900. Likishuka hadi 20,000 yanatakiwa 1,100. Yaani kila bei ikisogea 10,000, matenga 100 yanaongezeka au yanapungua. Mzigo ulioingia ni matenga 1,000. Bei itatulia 30,000, kwa sababu hapo ndipo mzigo wote unatoka na hakuna aliyekuwa tayari kulipa bei hiyo akarudi mikono mitupu.

Sasa mfungo umeingia. Nyumba nyingi zinapika futari na daku, wauza futari wameongezeka barabarani, na misikiti inaandaa futari za pamoja. Mama lishe wa mchana baadhi wamefunga vibanda, hilo linapunguza kidogo, lakini jumla inabaki juu. Tuseme kwa kila bei yanahitajika matenga 200 zaidi. Kwa hiyo kwa 30,000 yanatakiwa 1,200. Kwa 40,000 yanatakiwa 1,100. Kwa 50,000 yanatakiwa 1,000.

Wakulima nao hawakulala, wameleta matenga 1,050 badala ya 1,000. Lori zimeongezeka kama ulivyoona. Lakini ukibaki na bei ya 30,000, watu wa matenga 1,200 wanagombania 1,050. Ifikapo saa moja asubuhi mzigo umekwisha, na wapo wachuuzi wa matenga 150 wamesimama na hela mkononi. Mmoja wao kesho atawahi saa tisa usiku na kusema, "Mimi nakupa 35,000, usimpe mwingine." Mwingine atamzidi. Bei inapanda mpaka baadhi ya watu waamue kupunguza au kuacha. Kati ya 40,000 na 50,000, pale 45,000, yanatakiwa matenga 1,050 kamili. Hapo ndipo inasimama.

Angalia kilichotokea: uhitaji umekua kwa asilimia 20, mzigo umekua kwa asilimia 5, bei imekua kwa asilimia 50. Na matenga yaliyouzwa ni mengi kuliko siku za kawaida. Ndiyo hali unayoiona Ilala.

---

Kipimo_Sawa

Mkuu Tenga40 hapo nina shaka. Tunajua bei ikipanda watu wananunua kidogo. Wewe unasema bei imepanda na watu wamenunua zaidi, matenga 1,050 badala ya 1,000. Sasa kanuni imekufa? Na kama bei ikipanda uhitaji unashuka, basi bei yenyewe itajirudisha chini baada ya siku mbili tatu bila mtu kufanya chochote.

---

Tenga40

Nusu ya maneno yako ni sahihi, nusu nyingine ndiyo inayowapotosha wengi.

Ni kweli bei ikipanda watu hupunguza. Kwenye mfano wangu wamepunguza: kutoka 1,200 walizotaka kwa bei ya zamani hadi 1,050. Wewe unalinganisha 1,050 na 1,000 ya kabla ya mfungo, lakini hao ni wanunuzi wa mwezi mwingine wenye mahitaji mengine. Mpishi wa futari ya watu 200 hakuwepo sokoni Januari.

Kuhusu bei kujirudisha, hapana. Bei ya 45,000 ndiyo inayowazuia wale wa matenga 150 wasije. Ukiishusha leo, kesho wanarudi wote na mzigo unakwisha tena kabla jua halijachomoza. Bei itashuka tu kama wanunuzi wamepungua kwa sababu nyingine, kwa mfano mfungo umeisha, au kama mzigo umeongezeka.

Na kwa nini inapanda sana kwa pengo dogo? Kwa sababu nyanya ni kiungo ambacho mtu hakiachi kirahisi. Mchuzi usio na nyanya watu wa pwani hawauiti mchuzi. Kwa hiyo kabla mpishi hajaacha nyanya anapitia hatua: kwanza anapunguza mbili kwenye sufuria, kisha anaongeza nyanya ya kopo au ya pakiti, kisha kachumbari inajaa kabichi na kitunguu, halafu ndipo anatafuta ukwaju au embe bichi la kuchachusha. Inahitajika bei ipande sana ili watu wa kutosha wapitie hatua hizo. Bidhaa ambayo watu wanaiacha haraka, kama tikiti maji, pengo kama hilo lingepandisha bei kidogo tu.

---

Bi_Rehema_Futari

Asalaam aleykum. Mimi nauza futari, tambi, mihogo ya nazi na samaki wa kupaka, na bei ya sahani nilishawatangazia wateja tangu siku ya kwanza ya mfungo. Nyanya ndiyo inanimaliza. Nauliza tu, je ninunue tenga zima nihifadhi hadi Idi ili nikwepe kupanda zaidi? Wenzangu wanasema bei itafika mbali kumi la mwisho.

---

Genge_la_Kona

Waaleykum salaam Bi Rehema. Usinunue tenga zima kama huna watu wa kugawana nalo. Nyanya iliyoiva vizuri kwa joto la Dar inakaa siku chache, wiki ikiisha unaokota zilizooza. Zinazoanza kugeuka rangi, zile zenye wekundu kidogo kitakoni, zinavumilia zaidi, lakini nazo siyo za kufika Idi kama mfungo bado una wiki mbili. Na usiziweke zile mbichi kwenye friji, zinadhurika na baridi, haziivi vizuri tena na ladha inapotea. Bora uzipike rojo nene, uipoze, uifungashe kwa pakiti za mapishi ya siku moja moja, ndiyo iingie kwenye friza.

Halafu mniruhusu niseme kuhusu fungu, maana watu wanatuona sisi wa magenge kama wanyonyaji. Tenga la kilo 40, nyanya za ukubwa wa kati zinaingia kama 10 kwa kilo, kwa hiyo ni nyanya 400. Moja katika kumi inapasuka au inaoza njiani na mezani. Zinabaki 360 za kuuza.

Tenga likiwa 30,000 na kulibeba hadi kijiweni 3,000, nimetoa 33,000. Napanga mafungu ya nyanya 8 kwa shilingi 1,000. Ni mafungu 45, napata 45,000. Inabaki 12,000 ya kulipia meza, ushuru, mifuko na chakula changu.

Tenga likiwa 45,000 nimetoa 48,000. Nikibaki na fungu la nyanya 8 napata hasara ya 3,000. Nikisema fungu ni 1,300 mteja anakosa chenji na ananuna. Kwa hiyo fungu linabaki 1,000 ila nyanya zinakuwa 6. Mafungu 60, napata 60,000, inabaki 12,000 ileile. Nyanya moja imepanda kutoka shilingi 125 hadi kama 167. Hiyo ni theluthi moja, wakati tenga limepanda kwa nusu. Mimi sijaongeza hata mia kwenye faida yangu. Na siku nyanya zikibaki bila kuuzwa, hasara ni yangu.

---

Tenga40

Genge_la_Kona umeeleza vizuri kuliko nilivyofanya mimi. Niongeze kwamba kinachotokea kwenye fungu kinatokea pia kwenye tenga lenyewe, na ndiyo maana takwimu za "bei ya tenga" zinadanganya.

Mfano wangu ulichukulia kwamba tenga halibadiliki. Sokoni linabadilika. Nyanya zikiwa nyingi mnunuzi wa jumla anadai lumbesa: linapandishwa kilima juu, linazungushiwa majani au nyavu, linafika kilo 50 na zaidi. Nyanya zikiadimika mkulima hakubali lumbesa, tenga linajazwa usawa wa mbao na mara nyingine majani mengi yanawekwa chini. Tenga la 30,000 lenye kilo 50 ni shilingi 600 kwa kilo. Tenga la 45,000 lenye kilo 40 ni shilingi 1,125 kwa kilo. Anayesema bei imepanda kwa nusu anasoma tenga. Mizani inaonyesha imekaribia mara mbili.

Dalili nyingine ya uhitaji kuvuta ni madaraja. Siku za kawaida nyanya ndogo na zenye makovu zinauzwa kwa bei ya kutupa. Uhitaji ukizidi, tofauti kati ya daraja la kwanza na la tatu inapungua, na unaanza kuona nyanya za kijani kwenye tenga. Mkulima amechuma kabla ya wakati ili awahi bei. Hapo lazima uwe makini, kwa sababu nyanya iliyochumwa leo ikiwa kijani ni mzigo wa wiki ijayo uliokopwa. Lori zikipungua ghafla wiki inayofuata, usishangae.

---

Shilingi_Yetu

Mnazunguka sana. Bei za kila kitu zinapanda kwa sababu ya mfumuko wa bei na mafuta. Nyanya haina upekee wowote.

---

Kipimo_Sawa

Ndugu, kama ingekuwa mfumuko, chumvi, sabuni na viberiti navyo vingepanda kwa nusu ndani ya wiki tatu. Havijapanda hivyo. Na nyanya yenyewe Agosti ilikuwa inamwagwa, na mafuta yalikuwa yaleyale.

---

Tenga40

Mafuta yana nafasi yake, Shilingi_Yetu hajakosea kabisa. Dizeli ikipanda, nauli ya lori kutoka Ilula inapanda na kila tenga linabeba gharama hiyo. Ila hiyo inasogeza bei taratibu na inabaki juu mwaka mzima. Haiwezi kupandisha bei Machi na kuiangusha Julai.

Namna ya kutofautisha ni hii, na mtu yeyote anaweza kuifanya. Angalia bei na lori kwa pamoja. Bei juu na lori zimeongezeka, uhitaji ndio uliovuta. Bei juu na lori zimepungua, mzigo ndio uliokatika, labda mvua, ugonjwa, au lori limeanguka Mlima Kitonga na njia imefungwa. Bei chini na lori zimepungua, wanunuzi ndio waliokimbia. Ukiangalia bei peke yake huwezi kujua sababu.

Mwaka huu kuna balaa kwamba yote mawili yanaweza kuja pamoja. Kwenye hesabu yangu, mvua ikiharibu mashamba mzigo ukashuka kutoka 1,050 hadi 950 huku uhitaji wa mfungo uko palepale, bei inakwenda 55,000.

---

Mvita01

Salaam kutoka Mombasa. Msisahau kwamba hamnunui peke yenu. Huku Kongowea nasi tuko kwenye mfungo huohuo, na mama mboga wetu wanalia vilevile. Nyanya zetu zatoka Taveta na Loitokitok, lakini zikipungua matajiri wa soko wapiga simu Lushoto na Moshi. Kreti zapita Holili au Horohoro, zaingia Kongowea. Kwa hivyo nyanya ya Lushoto usiku ule yaamua: iende Dar au ije Mombasa? Yaenda penye bei nzuri baada ya kutoa nauli na ushuru wa mpakani.

Mimi nadhani hesabu ya ndugu Tenga40 yahesabu wanunuzi wa Ilala tu. Kuna wengine hawaonekani Ilala kabisa, wananunua shambani.

---

Tenga40

Sahihi kabisa kaka, na hilo linaongeza nguvu ya hoja. Uhitaji wa Mombasa ukikua, lori mbili za Lushoto zisipokuja Dar, kwa Dar inaonekana kama mzigo umepungua. Ukiwa Ilala huwezi kuona sababu, unaona tu lori hazipo. Kwa hiyo ile njia yangu ya kuangalia lori ina mpaka wake: inakuambia habari za soko lako tu. Ukitaka picha kamili lazima ujue bei ya soko la jirani. Tofauti ya bei kati ya masoko mawili ikizidi nauli, ushuru na nyanya zitakazooza njiani, lori zitahama hadi tofauti irudi hapo.

---

Shamba_Kilolo

Wakuu nimesoma yote, nashukuru. Mimi niko Ilula, nina ekari mbili na maji ya mfereji. Kwa bei hizi naona nisiache, nataka nimwage mbegu wiki hii. Nipande mbegu gani inayowahi zaidi ili nikute soko hili? Na huyu mdudu kantangaze nimdhibiti vipi?

---

Bwana_Shamba_Mstaafu

Kijana, kantangaze tutamzungumzia kwenye uzi wake, ni adui mkubwa na anahitaji mitego na usafi wa shamba kabla ya dawa. Lakini swali lako la kwanza ndilo lililobeba uzi huu wote, kwa hiyo ngoja nilijibu hilo.

Hakuna mbegu itakayokukutanisha na soko hili. Kitaluni miche inakaa wiki tatu hadi nne. Ukishahamishia shambani, nyingi zinahitaji siku 75 hadi 90 kufika mchumo wa kwanza. Jumlisha, ni kama siku 100 hadi 120. Nyanya zinazouzwa Ilala leo zilimwagwa mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Waliomwaga hawakujua bei ya leo, walikisia. Ndiyo maana uhitaji ukipanda ghafla mzigo hauwezi kuufuata. Leo na kesho mkulima anachoweza kuongeza ni kuchuma zilizopo kwa kasi zaidi, kuokota hata zile ndogo alizokuwa anaziacha, na kupeleka Dar zile ambazo angeziuza barabarani. Mzigo unaongezeka kwa hizo asilimia tano za Tenga40, siyo ishirini.

Sasa ukimwaga leo, utachuma Juni na Julai. Na wewe siyo peke yako uliyeiona bei. Ilula, Ruaha Mbuyuni, Dumila na Lushoto, kila mwenye bonde anafikiri kama wewe usiku huu. Kiangazi magonjwa ya majani yanapungua, mavuno yanakuwa makubwa, na wanunuzi wa mfungo hawapo tena. Chukua hesabu ileile ya siku za kawaida: matenga 1,000 yanatoka kwa 30,000. Yakija 1,200, bei inakwenda 10,000.

Na hapo mkulima ndiye anayeumia kuliko wote. Tuseme kuchuma, tenga lenyewe, kubeba hadi barabarani, nauli, ushuru na dalali vinakula 12,000 kwa kila tenga. Bei ya Dar ikiwa 30,000 unabaki na 18,000. Ikiwa 45,000 unabaki na 33,000. Ikiwa 10,000 umeongezea 2,000 kutoka mfukoni, yaani ni heri usichume. Gharama za njiani hazishuki bei ikishuka. Ndiyo maana zile nyanya zinazooza kando ya barabara kuu Agosti haziwezi kuletwa kusaidia mfungo wa mwaka unaofuata, na kiwanda cha rojo kikiwa mbali au hakipo, ndio mwisho wake.

Kama unataka kulenga Ramadhani, anzia kalenda. Inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Ya 2027 inatarajiwa kuanza kama tarehe 8 Februari, kutegemea mwezi utakavyoandama. Rudi nyuma siku 120, unafika katikati ya Oktoba. Kwa kuwa mchumo wa kwanza huwa mdogo, mwaga mwishoni mwa Septemba. Utamwagilia Oktoba na Novemba, na kuanzia Desemba mvua za Iringa zinakukuta shambani.

---

Shamba_Kilolo

Nimeelewa baba. Lakini kama ni rahisi hivyo, mbona wote hawamwagi Septemba?

---

Bwana_Shamba_Mstaafu

Kwa sababu si rahisi. Nyanya za kuvunwa Februari zinakua ndani ya mvua. Baka jani chelewa likiingia kwenye hali ya ubaridi na unyevu, shamba linaweza kuungua ndani ya wiki moja. Unaanza kuona mabaka ya rangi ya maji kwenye majani ya chini, upande wa chini wa jani kuna unga mweupe asubuhi, ukichelewa shina linakuwa jeusi. Itabidi upige dawa ya kuvu kila siku tano hadi saba mvua zikishika, ubadilishe aina ya kiambato ili ugonjwa usiizoee, usimike miti na kufunga kamba ili matunda yasiguse udongo, na utoe majani ya chini. Mvua ikinyesha saa mbili baada ya kupiga dawa ya kugusa, ile inayobaki juu ya jani, sehemu kubwa imeoshwa.

Kwa hiyo tenga la Februari ni ghali kuzalisha kuliko tenga la Julai, na mavuno kwa ekari ni machache. Mkulima hawezi kulileta kwa bei ya Julai hata akitaka. Bei ya juu inamlipa yule aliyethubutu na dawa zake, na bado wengine waliothubutu wanapoteza shamba lote. Ushauri wangu: usiweke ekari mbili zote. Nusu ekari iliyosimikwa miti na kutunzwa ina maana zaidi msimu wa mvua kuliko ekari mbili zilizolala chini.

---

Sauti_ya_Mlaji

Nimewasikiliza wote kwa heshima. Sawa, mzigo hauwezi kuongezeka haraka, na nyanya haifichiki ghalani kama mahindi au vitunguu, hilo nakubali. Lakini hamjanijibu. Kwenye hesabu ya mzee, mkulima anabaki na 33,000 bei ikiwa 45,000. Mashambani wanalalamika kwamba hawaoni hela hiyo. Kuna mtu anayelipwa 20,000 shambani siku ambayo Dar ni 45,000. Hiyo 13,000 iliyobaki inakwenda wapi?

---

Tenga40

Hilo ni swali la haki, ndugu yangu, na sitalifunika.

Nilichokataa ni kwamba dalali ndiye anayepandisha bei wakati wa mfungo. Angekuwa na uwezo wa kupanga bei atakavyo, asingeiacha ianguke Agosti, maana naye anakula kwa kila tenga. Lakini kugawana ile nyongeza ni jambo jingine. Bei ya Dar ikipanda usiku, mkulima ambaye hajui na ambaye hana mnunuzi wa pili anauza kwa bei ya jana. Nyongeza inabaki kwa aliyejua kwanza. Palipo na wanunuzi watano shambani, inapita haraka hadi kwa mkulima. Palipo na mmoja mwenye lori, na barabara ya mvua haipitiki na mwingine, inaweza kukaa kwake wiki mbili.

---

Sauti_ya_Mlaji

Kwa hiyo tunakubaliana kwamba yupo anayefaidi bila jasho.

---

Tenga40

Hapo bado hatujakubaliana. Mwenye lori aliyeingia njia ya tope ana hatari yake, lori likikwama siku mbili tenga zima ni uji. Sehemu ya hiyo 13,000 ni malipo ya hatari, sehemu ni upweke wa mkulima. Ni kiasi gani kwa kiasi gani, inategemea kijiji. Shamba_Kilolo, wewe uko hapo, wiki hii shambani wananunua tenga kwa bei gani, na linajazwaje?

---

Shamba_Kilolo

Kandokando ya barabara kuu jana lilikuwa 31,000, usawa wa mbao, hakuna lumbesa. Kwa jamaa zangu wa ndani, ng'ambo ya mto, 22,000 na bado wanadaiwa lumbesa. Wanunuzi wanaoingia huko ni wawili tu.

---

Mvita01

Hao wa ndani wakodi pikipiki za kubeba wafike barabarani. Tofauti ya 9,000 na lumbesa juu yake, bodaboda hawezi kumaliza zote.

---

Shamba_Kilolo

Pikipiki inabeba matenga mawili, na daraja la miti likifunikwa na maji haivuki. Maji yakipungua wanavuka, na siku hizo bei ya ndani hupanda hadi 27,000 au 28,000 bila mtu kuomba.

---

Bi_Rehema_Futari

Mimi nimefanya rojo kama alivyosema Genge, nimenunua nusu tenga na jirani. Swali langu moja lililobaki: Idi ikipita, itashuka mara moja?

---

Genge_la_Kona

Mara nyingi siku mbili kabla ya Idi inapanda tena kwa sababu ya pilau na kachumbari, halafu kuanzia siku ya nne baada ya Idi wanunuzi wanapungua na fungu linaanza kuongezeka nyanya moja moja.

---

Tenga40

Mwaka huu sina uhakika kama huo. Uhitaji utashuka, ndiyo, lakini masika ndiyo kwanza yanaingia, na zile nyanya za kijani zilizochumwa mapema zilikuwa za wiki hiyohiyo. Ukiona lori zimepungua kwa kiasi kilekile wanunuzi walichopungua, bei haitasogea. Bi Rehema, angalia tenga kabla ya kuuliza bei: likianza kuwekwa kilima juu, subiri siku mbili ndipo ununue. Likiwa bado usawa wa mbao, nunua ya siku hiyo tu.